Rovu na madini joto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya huulizwa kliniki, sokoni na kwenye mikutano ya vijiji kuanzia Rungwe na Makete hadi Mufindi na Mbeya mjini. Mengi yanarudi kwenye jambo moja: tezi ya shingo inayapataje madini joto kutoka kwenye damu, na inafanya nini yanapokuwa haba. Ukilishika hilo, hutashangaa tena kwa nini shingo inavimba, kwa nini vipimo vya damu vinaweza kuwa vizuri huku shingo ikiwa nene, na kwa nini chumvi peke yake haimalizi rovu la mtu aliyekaa nalo miaka 30.

Tezi hii iko wapi, na inafanya kazi gani?

Iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kongoromeo, imekumbatia bomba la hewa upande wa kulia na wa kushoto. Hospitalini huitwa thairoidi. Kwa mtu mzima mwenye afya ina uzito wa gramu 15 hadi 25 hivi, na kwa kawaida huioni. Ukitaka kuihisi, weka vidole hapo kisha umeze mate: kitakachopanda na kushuka pamoja na kongoromeo ndicho tezi.

Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoamua mwili utumie nguvu kwa kasi gani: mapigo ya moyo, joto la mwili, choo, ukuaji wa mtoto na, zaidi ya yote, ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Kwa nini lazima iwe na madini joto? Haiwezi kutumia kitu kingine?

Haiwezi, kwa sababu madini joto, yaani iodini, ni sehemu ya homoni yenyewe. Tezi hutoa homoni mbili. Ya kwanza ina chembe 4 za iodini na huitwa T4, au thairoksini. Ya pili ina chembe 3 na huitwa T3. Katika T4, karibu theluthi mbili ya uzito wote ni iodini. Hakuna madini mengine mwilini yanayoweza kukaa mahali pake homoni ikaendelea kufanya kazi.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Mikrogramu ni sehemu ya milioni ya gramu, kwa hiyo mahitaji ya maisha yote ya mtu hayajazi hata kijiko kimoja cha chai. Lakini kwa kuwa mwili hauna ghala kubwa la madini haya nje ya tezi, kijiko hicho lazima kije kidogo kidogo, siku baada ya siku.

Tezi inayakamataje madini joto ndani ya damu?

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kwa nafasi, maana mengine yote yanalitegemea.

Ukila chumvi yenye madini joto, utumbo huyafyonza karibu yote na kuyaingiza kwenye damu yakiwa katika umbo linaloitwa iodaidi. Kwenye damu ni machache mno. Ndani ya seli za tezi tayari yapo mengi zaidi, kati ya mara 20 na 50 ya yale yaliyo kwenye damu. Kwa kawaida kitu hutoka penye wingi kwenda penye uhaba. Yakiachiwa yenyewe, madini joto yangetoka kwenye tezi kurudi kwenye damu. Tezi inalazimika kuyavuta kinyume na mkondo huo, na kazi hiyo inataka nguvu.

Nguvu inapatikana kwa njia ya mzunguko. Kila seli ina pampu zinazotoa sodiamu nje bila kupumzika, zikitumia nishati ya chakula. Matokeo yake sodiamu inakuwa nyingi nje ya seli na kidogo ndani, na muda wote inasukumana kurudi ndani. Kwenye ukuta wa seli unaoelekea damu kuna protini ambayo ni mlango wa pekee: inaruhusu sodiamu mbili ziingie, kwa sharti kwamba ziingie pamoja na iodaidi moja. Ni kama zile mashine za kusaga zinazoendeshwa na maji ya mto huku milimani: maji yanateremka kwa uzito wake yenyewe, na mteremko huo unageuza jiwe lililokuwa haligeuki. Sodiamu ndiyo maji, na iodaidi ndiyo mzigo unaosukumwa.

Mlango huu hautambui iodaidi kwa usahihi kamili. Vitu vingine vyenye ukubwa na chaji inayofanana vinaweza kuugombania, na kimojawapo kinatokana na mihogo. Nitalirudia chini.

Idadi ya milango hiyo haikai palepale. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo inayotoa homoni ya kuiamrisha thairoidi. Kwenye karatasi za maabara utaiona imeandikwa TSH. T4 ikipungua kwenye damu, TSH hupanda, na seli za thairoidi hujenga milango mingi zaidi. Na hata kabla TSH haijapanda, tezi yenyewe inahisi kwamba madini joto ndani yake yamepungua, na inaanza kuvuta kwa bidii zaidi na kuitikia TSH ileile kwa nguvu zaidi.

Madini joto yakishaingia, homoni inatengenezwaje?

Seli za tezi zimepangwa kuzunguka vifuko vidogo sana vilivyojaa ute. Ute huo ni protini kubwa inayoitwa thairoglobulini, na ndani yake kuna vipande vya asidi amino iitwayo tairosini. Iodaidi inavuka seli kutoka upande wa damu hadi upande wa kifuko. Pale ukingoni inakutana na kimeng'enya ambacho, kwa msaada wa haidrojeni peroksaidi, kinaigeuza iwe kali kiasi cha kujishikiza kwenye tairosini. Haidrojeni peroksaidi ni dawa ileile inayotoa povu kwenye kidonda. Tezi huitengeneza yenyewe.

Tairosini moja inaweza kupokea iodini 1 au 2. Zenye mbili zikiungana, inapatikana T4. Yenye moja ikiungana na yenye mbili, inapatikana T3. Zote bado zimefungwa ndani ya ute, hazijatoka.

Hili la kufungwa ndani ya ute ni hekima kubwa ya mwili. Tezi yenye afya ina akiba ya homoni ya miezi 2 hadi 3. Ndiyo maana mtu akikosa madini joto wiki moja au mbili, akiwa safarini au duka la kijiji likiwa limeishiwa chumvi nzuri, haoni chochote. Homoni inapohitajika, seli hukatia kipande cha ute, hukimeza, hukisaga na kuachia T4 na T3 ziingie kwenye damu. Zile tairosini zilizobaki bila kuungana hunyang'anywa iodini yake ili itumike tena.

Kimeng'enya kilichotajwa hapo juu kinahitaji madini chuma ili kifanye kazi. Mtoto mwenye upungufu wa damu uliotokana na ukosefu wa chuma anaweza kupewa chumvi nzuri na rovu lisipungue ipasavyo mpaka chuma nacho kirudishwe. Wahudumu wa kliniki za watoto walikumbuke hili.

Sasa, kwa nini upungufu unaifanya tezi ivimbe? Si ingesinyaa kwa kukosa chakula?

Watu wengi wanalifikiria hivyo, na ni swali la haki kabisa. Jibu liko kwenye figo.

Figo hazijui thamani ya madini joto. Kwa chumvi ya sodiamu zina akili: ikipungua mwilini, zinaibana isitoke. Kwa iodaidi hazifanyi hivyo. Kila damu inapopita, zinatoa sehemu yake ileile kwenye mkojo, iwe kuna neema au njaa. Kwa hiyo tezi na figo zinagombania iodaidi ileile iliyo kwenye damu, na kwa kuwa figo hazipunguzi mwendo, ni tezi peke yake inayoweza kuongeza wake.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa kijiji cha milimani, mtu mzima, asiye mjamzito. Namba nitakazotumia ni za kukadiria, nimezilainisha ili hesabu ifuatike.

Tezi yake inatakiwa itoe homoni zenye jumla ya mikrogramu 55 za iodini kwa siku. Homoni zikishatumika, mwili unazivunja. Mikrogramu 45 hivi zinarudi kwenye damu na 10 zinapotelea kwenye choo kikubwa.

Kwanza tuseme anakula chumvi nzuri na anapata mikrogramu 150 kwa siku. Jumla inayopita kwenye damu ni 150 na zile 45 zilizorudi, yaani 195. Tezi inachukua 55, figo zinatoa 140. Kwa kila mikrogramu 10 zinazochukuliwa na figo, tezi inachukua 4 tu. Kazi ni nyepesi.

Sasa ahamie chumvi ya kupima kutoka kwenye gunia lisilo na madini joto, abaki na yale ya ugali, maharage na mboga za shambani, tuseme mikrogramu 40. Kwenye damu zinapita 40 na 45, yaani 85. Tezi bado inataka 55. Kwa figo zinabaki 30. Sasa kwa kila 10 za figo, tezi lazima ikamate 18. Figo hazijabadilika, kwa hiyo tezi inalazimika kusafisha damu kwa kasi ya karibu mara 5 ya mwanzo.

Akishuka hadi mikrogramu 20, zinapita 65, tezi inataka 55, zinabaki 10. Kasi inayohitajika ni mara 14 ya ile ya mwanzo.

Tezi ya gramu 20 haiwezi kufanya kazi mara 14 kwa kuongeza milango tu. Seli zilizopo zinanenepa, kisha zinagawanyika na kuwa nyingi, mishipa ya damu inaongezeka, na vifuko vinaongezeka. Huo ndio uvimbe unaouona. Rovu ni kiwanda kilichopanuliwa ili kipate malighafi ileile kutoka kwenye damu iliyofukarika. Hakuna usaha ndani yake, hakuna sumu, wala si mafuta.

Je, kupanuka huko kunasaidia?

Kwa muda, ndiyo. Tezi pia inabadilisha inachotengeneza: inapunguza T4 na kuongeza T3. Kila T3 inatumia iodini 3 badala ya 4, na nguvu yake kwenye seli za mwili ni kubwa zaidi kuliko ya T4. Ni ubanaji matumizi wa kweli.

Ndiyo sababu mama mwenye rovu anaweza kulima, kubeba maji na kulea watoto kama wenzake, na akienda maabara TSH yake ikaja ndani ya kiwango cha kawaida. Mhudumu asimwambie kwamba vipimo ni vizuri kwa hiyo hakuna shida ya madini joto. Kipimo kinasema kwamba tezi imefaulu kufidia. Hakisemi kwamba madini joto yanatosha.

Lakini ufidiaji huo una gharama kwa mtoto aliye tumboni. Ubongo wa mimba changa unategemea zaidi T4 ya mama, inayobadilishwa kuwa T3 humo humo kwenye ubongo. Mama aliyehamia kwenye T3 anajisikia vizuri, ila T4 yake imeshuka, na mtoto ndiye anayekosa.

Mjamzito afanye nini, basi?

Mahitaji yake yanapanda kutoka mikrogramu 150 hadi 250 kwa siku, na yanabaki hapo wakati wa kunyonyesha. Anatengeneza homoni kwa ajili ya wawili, figo zake zinatoa iodaidi nyingi zaidi kuliko kabla ya mimba, na sehemu nyingine inavuka kondo kwenda kwa mtoto. Tezi ya mtoto huanza kukamata madini joto karibu na wiki ya 12. Kabla ya hapo homoni yote ni ya mama.

Wengi huanza kliniki wakiwa wamepita wiki hizo. Kwa hiyo chumvi ya nyumbani ina uzito kuliko ushauri wowote unaotolewa baadaye: inapaswa kuwa nzuri kabla binti hajafikiria kushika mimba. Upungufu mkubwa kwa mama unaweza kusababisha mimba kutoka, mtoto kuzaliwa mfu, au kuzaliwa akiwa na ulemavu wa akili, uziwi na kimo kifupi ambavyo havirekebishiki kwa chumvi ya baadaye.

Kwa nini tatizo hili limekaa sana huku milimani?

Ghala kuu la iodini duniani ni bahari. Kutoka baharini inapanda hewani, inaanguka na mvua, na inarudi baharini kupitia mito. Udongo wa mteremko unaonyeshewa sana unaoshwa. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na miteremko ya Livingstone na Kipengere inateremsha maji hayo haraka. Kilichobaki kwenye udongo mara nyingi hushikiliwa na mboji na madini ya volkano kwa nguvu ambayo mizizi haiwezi kuishinda.

Mahindi, viazi na maharage vinaota vizuri kabisa kwenye udongo huo, maana mimea haihitaji iodini ili kukua. Shamba linalopendeza macho linaweza kutoa chakula kisicho na madini joto ya kutosha, na huwezi kulijua kwa kuliangalia. Ng'ombe anayekula majani ya hapo ana upungufu uleule.

Nyanda za Juu Kusini zilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi Tanzania. Ndiyo maana tangu katikati ya miaka ya 1980 watu wa wilaya zilizozidiwa waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, kidonge kimoja kikitosha kwa mwaka au zaidi, na katika miaka ya 1990 nchi ikahamia kwenye chumvi. Wazee wengi wa Mbeya na Iringa wanavikumbuka vidonge hivyo.

Tunakula usipa na samaki wengine wa Ziwa Nyasa. Haviwezi kutosha?

Usipa ni chakula kizuri sana kwa protini na kalisi, ule bila wasiwasi. Lakini samaki wa maji baridi wana madini joto machache mno kuliko samaki wa baharini. Maji ya Nyasa yanatoka kwenye milima hiihii.

Kabichi na mihogo vinaleta rovu?

Vinaweza kuongeza tatizo lililopo, ila ni nadra kulianzisha kwa mtu anayepata madini joto ya kutosha.

Mihogo, hasa michungu isiyoandaliwa vizuri, inaacha sianidi. Mwili unaitengua sianidi hiyo kuwa thayosayaneti, ambayo ina chaji na ukubwa unaokaribiana na wa iodaidi. Hapo ndipo ule mlango wa sodiamu unapochanganyikiwa: thayosayaneti inasonga mlangoni na iodaidi inakosa nafasi. Iodaidi ikiwa nyingi, inashinda ushindani huo. Ikiwa haba, inashindwa. Kuloweka, kuchachusha na kukausha mihogo juani kunapunguza sianidi kwa kiasi kikubwa, na waliotutangulia walilifanya hilo kwa sababu nzuri. Moshi wa sigara nao unaleta thayosayaneti.

Kabichi, figiri na jamii yake vina kemikali za aina hiyo kwa kiasi kidogo, na kupika kunazipunguza. Sioni sababu ya kumnyima mtu kabichi.

Nitajuaje kama chumvi yangu ina madini joto?

Kwa kuonja au kuangalia, huwezi. Angalia kwanza pakiti: iwe imefungwa, iwe na maandishi kwamba imeongezwa madini joto, na tarehe isiwe imepita. Afisa afya au afisa lishe anaweza kuwa na kichupa cha kupimia. Tone moja linadondoshwa juu ya chumvi, na rangi ya bluu au zambarau ikitokea, madini joto yamo. Isipotokea, kuna kimiminika cha pili cha kurudia, kwa sababu baadhi ya chumvi zina hali ya magadi inayozuia rangi. Kipimo hiki ni kizuri kwa kusema yamo au hayamo. Kisitumike kusema ni kiasi gani. Hiyo ni kazi ya maabara.

Kiwango kinachokubalika kwenye chumvi ya nyumbani ni angalau miligramu 15 kwa kila kilo. Piga hesabu: anayekula gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, atapata mikrogramu 75 tu kwa kiwango hicho, yaani nusu ya mahitaji. Kwa miligramu 30 kwa kilo anapata 150 kamili. Hiyo 15 ni mpaka wa chini, na chumvi iliyokaa vibaya inaweza kufika hapo haraka. Ila usiongeze chumvi ili kufidia; utajiletea shinikizo la damu. Badilisha chumvi, si kiasi.

Chumvi ya mawe inatoka baharini au kwenye visima vya chumvi. Si tayari ina madini joto ya asili?

Hapana, na kosa hili limeenea hata kwa watu waliosoma. Maji ya bahari yana iodini, lakini chumvi inapoganda juani inabaki nayo kidogo isiyotosha. Bila kuongezewa kiwandani, chumvi ya pwani na ile ya Ivuna au Uvinza zinakuwa na upungufu uleule.

Kinachoongezwa ni potasiamu iodeti, kwa sababu inavumilia joto na unyevu kuliko iodaidi. Hata hivyo ina udhaifu. Chumvi iliyowekwa wazi karibu na jiko, au kwenye gunia lililolowa gengeni, inavuta unyevu, na unyevu huo ukichuruzika unaondoka na madini joto. Kuosha chumvi ya mawe ili itoke mchanga ni kumwaga madini joto pamoja na mchanga, maana yamekaa juu ya punje. Weka chumvi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na mvuke, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Anayenunua ya kupima Mwanjelwa au Makambako ajiulize gunia hilo limekaa wazi kwa muda gani.

Rovu linaambukiza? Linatokana na kubeba mizigo kichwani?

Haliambukizi, na mizigo haihusiki. Wanawake huonekana nalo zaidi kwa sababu mimba na kunyonyesha vinaongeza mahitaji. Linatembea ndani ya familia kwa kuwa familia inakula chungu kimoja. Kwa baadhi kuna urithi pia, lakini pale watu wengi wa kijiji wanapokuwa nalo, anza na chumvi.

Nikianza chumvi nzuri leo, rovu langu litaisha?

Inategemea umri wake. Kwa mtoto au kijana ambaye tezi yake imenenepa yote kwa usawa na ni laini, linaweza kupungua kwa miezi kadhaa hadi miaka michache, mara nyingine hadi lisionekane.

Rovu la miaka mingi ni jambo jingine. Seli za tezi hazifanani. Zilizo na kasi ya kugawanyika zinatangulia na kuunda vinundu. Kila mgawanyiko unaweza kuleta hitilafu kwenye vinasaba, na ile haidrojeni peroksaidi inayotumika kutengeneza homoni inaongeza uwezekano huo. Miaka ikipita, baadhi ya vinundu vinaanza kutengeneza homoni bila kungoja amri ya TSH. Chumvi haiwezi kuvirudisha nyuma.

Na hapa kuna tahadhari. Vinundu vya aina hiyo vilikuwa vimezuiwa na njaa ya malighafi tu. Vikipata madini joto mengi ghafla, vinaweza kufurika homoni: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kutoka jasho, kukonda huku unakula. Iliwahi kuonekana katika nchi za Afrika, Zimbabwe ikiwemo, chumvi yenye madini joto ilipoanza kutumika kwa wingi. Wanaopatwa zaidi ni watu wa makamo na wazee wenye rovu la vinundu. Jamii nzima haipaswi kuikimbia chumvi kwa ajili hiyo, kwa sababu madhara ya upungufu ni makubwa zaidi. Lakini bibi mwenye rovu kuukuu asinunuliwe matone ya iodini ya dukani wala virutubisho vya mwani bila kupimwa.

Nitajipimaje nyumbani, na niende hospitali lini?

Wahudumu wa afya wana kanuni ya zamani: upande mmoja wa tezi ukiwa mkubwa kuliko kipande cha mwisho cha kidole gumba cha mhusika mwenyewe, hilo ni rovu. Gumba liwe lake, si lako, ndiyo maana kanuni hii inafaa hata kwa watoto. Likihisiwa kwa vidole lakini halionekani shingo ikiwa imekaa kawaida, ni daraja la 1. Likionekana hivyo hivyo, ni daraja la 2.

Nenda kituo cha afya, na uombe rufaa ikibidi, kama uvimbe umekua haraka ndani ya wiki chache, ni mgumu au uko upande mmoja tu, sauti imekwaruza bila mafua, chakula kinakwama, unapumua kwa shida ukilala chali, au umevimba matezi mengine shingoni. Nenda pia ukiwa na dalili za homoni nyingi nilizozitaja, au za homoni chache: uchovu usioisha, baridi kupita wenzako, choo kigumu, ngozi kavu, kuongezeka uzito. Atakayekuona anaweza kupima TSH na T4, kufanya ultrasaundi, na kutoa sampuli ya kinundu kwa sindano ikihitajika. Rovu kubwa linalobana bomba la hewa kwa kawaida huondolewa kwa upasuaji, na aliyeondolewa tezi yote atameza kidonge cha thairoksini kila siku maisha yake yote.

Kuchanja rovu kwa wembe au kulichoma kwa dawa za mitishamba ni hatari kubwa. Tezi iliyopanuka imejaa mishipa ya damu, na pembeni yake inapita mishipa mikubwa inayokwenda kichwani.